Karani asiyekataa kitu: kisa cha kinyongo katika ofisi ya uwakala wa forodha Mombasa

Kisa hiki ni cha mwanamke wa miaka 36, karani wa hati katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha, ofisi iliyo ghorofani si mbali na Moi Avenue. Mimi ni mshauri nasaha, na wengi ninaowaona hufanya kazi bandarini au kandokando ya bandari. Ameniruhusu niandike, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Jina silitaji. Nitamwita Dada, kwa kuwa ofisini wote walimwita hivyo, hata mhasibu aliyemzidi miaka kumi.

Hakuja kwangu kulalamikia kazi. Alikuja kwa sababu ya viatu. Asubuhi moja mwanawe wa miaka saba alimwambia, "Mama, nifunge kamba," naye akamfokea kwa ukali uliomtisha yeye mwenyewe. Mtoto alikaa sakafuni akijaribu kuzifunga peke yake huku analia. "Sijui kimenipata nini," aliniambia. "Kazini sijawahi kumpandishia mtu sauti hata siku moja."

Hapo ndipo nilipotega sikio. Katika siku yake nzima, kuanzia alfajiri mpaka anarudi nyumbani Likoni, mtoto huyo alikuwa mtu wa pekee ambaye angeweza kumkatalia bila kuogopa kitakachofuata. Kwa hiyo yote aliyoshindwa kuwaambia wengine yalimwangukia yeye.

Kazi yake kwa mujibu wa mkataba si ngumu kuieleza. Anapokea hati za mteja, yaani hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi, anatazama kama zinalingana, anaandaa entri, yaani tamko la forodha la mzigo, na kuiingiza kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kisha anaifuatilia mpaka mzigo uachiliwe. Ni kazi ya macho na utulivu. Kila bidhaa ina msimbo wake wa HS, yaani nambari ya kuainisha bidhaa inayotumika kimataifa, na ushuru hufuata msimbo. Ukikosea, kontena linaweza kulala bandarini, na zikishapita siku za bure gharama zinakuja kutoka pande mbili: bandari inatoza ada ya kuhifadhi, na kampuni ya meli inatoza demareji kwa kuchelewesha kontena lake.

Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kwa miaka sita, kazi nyingine zilikuwa zimejishikiza juu yake moja moja, bila mtu yeyote kukaa na kuamua. Alikuwa akiwaandikia wateja kotesheni kwa niaba ya kijana wa masoko, ambaye siku moja alimwambia Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha mtu yeyote pale. Alikuwa akipitia entri za karani mdogo. Alikuwa mweka hazina wa michango yote ya harusi na matanga, na ndiye aliyewakumbusha waliochelewa, na ndiye aliyejazia pengo mfukoni mwake pale waliochelewa walipoendelea kuchelewa. Mgeni akiingia, yeye ndiye aliyetuma chai na mahamri. Usiku, bosi alimwandikia WhatsApp kumuuliza mambo ambayo yangeweza kungoja asubuhi, naye alijibu kabla simu haijazima taa.

Ramadhani iliyotangulia walikubaliana kwamba watu watoke saa tisa unusu wawahi futari, na mmoja abaki kwa zamu kupokea simu. Zamu iliandikwa, ikabandikwa ukutani. Siku ya kwanza ilikuwa yake. Siku ya pili mwenzake alikuwa na wageni kutoka Malindi. Siku ya tatu mke wa mwingine hakuwa mzima. Lilipofika kumi la kati, hakuna aliyeitazama tena ile karatasi. Alifungulia kinywa mezani pake, kwa tende na maji ya chupa, kisha akateremka kutafuta matatu ya kwenda feri. "Walikuwa wananiambia, Allah akulipe, Dada," alinisimulia. "Nami najibu amina. Moyoni nasema, na nyinyi mnilipe."

Maneno hayo niliyaandika pembeni, maana ndani yake mlikuwa na deni ambalo mdaiwa hana habari nalo.

Mambo yaliharibika kwa kontena la futi 40. Karani mdogo alimletea hati saa kumi na moja jioni: "Dada, niingizie hii, mteja ananitoa roho." Dada alikuwa na entri mbili zake mwenyewe hazijakwisha. Akasema sawa. Ankara ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulijaa vigae vya sakafu, ambavyo huingia kwenye 6907. Ukurasa wa pili ulikuwa na masinki na vyoo vya kauri, na hivyo mahali pake ni 6910. Macho yalikuwa yamechoka. Alitia shehena nzima kwenye vigae. Afisa alipofungua kontena siku ya ukaguzi alikutana na vyoo, entri ikasimamishwa, yakaanza marekebisho na barua za maelezo, na siku za bure zikaisha kontena likiwa palepale. Mteja akakataa kubeba gharama.

Mfumo ulionyesha jina la aliyeingiza entri, nalo lilikuwa lake. Kwenye kikao bosi aliuliza imekuwaje. Yule karani mdogo aliinamisha uso. Dada naye akasema tu, "Nilichoka, Mzee." Hakusema faili halikuwa lake. Wiki ile hakumsemesha yule kijana, ila alipomwomba tena msaada, alimsaidia.

Watu wengi wakisikia kisa kama hiki husema, ajifunze kukataa. Hawajakosea, lakini ushauri huo ukimpa mtu wa aina hii atakubali, atakushukuru, na kesho hatafanya chochote, kwa sababu hata wewe anakuridhisha. Nimejifunza kuuchelewesha. Kwanza nilitaka kujua ni nini hasa kinachotokea, na nani anayehusika.

Nilimwomba anunue daftari la shule na kwa wiki mbili aandike kila ombi: nani ameomba, ameomba nini, kazi ni ya nani, amejibu nini, na baada ya saa tatu anajisikiaje kuhusu jibu hilo. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu raha ya kusema ndiyo huja papo hapo, na uchungu wake huja baadaye. Ukimuuliza mtu palepale atakwambia yuko sawa.

Daftari liliporudi lilikuwa na maombi 63. Alikuwa amekubali 60. Kazi 34 hazikuwa zake. Yote hayo nilikuwa nimeyakisia. Nisilolikisia ni kwamba bosi, ambaye alimtaja kila tulipokutana kama chanzo cha mzigo, alikuwa na maombi 11 tu, na mengi yake yalikuwa halali. Kijana wa masoko na karani mdogo, wao wawili, walikuwa na zaidi ya nusu ya daftari. Mhasibu hakuwahi kuomba kitu. Dada alikuwa akiishi akiamini kwamba ofisi nzima inamkalia kichwani, kumbe ni watu wawili na nusu. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu "wote" huwezi kuongea nao, lakini watu wawili unaweza.

Jambo la pili lilionekana katika safu ya majibu. Mara nyingi alikuwa amekubali kabla mwombaji hajamaliza sentensi. "Dada, nilikuwa nataka..." "Lete." Huwezi kusema mtu huyo ameamua kusaidia. Aliitikia kama anayekinga kofi. Aliniambia kwamba alilelewa kwa shangazi pamoja na watoto wa shangazi, na mtoto wa kulelewa hujifunza mapema kuamka kabla ya wenyewe na kuosha vyombo kabla ya kuambiwa. Sikuchimba sana hapo. Ilitosha kujua kwamba desturi hii iliwahi kumfaa, na kwamba hakuitunga kazini.

Sasa kinyongo. Alipoanza kusema, alisema kwa tarehe. Baba wa kijana wa masoko alipofariki, yeye ndiye aliyekusanya mchango, akakodi basi la kwenda Kwale, akarudi usiku. Mtoto wa Dada alipohitimu madrasa, kijana huyo hakuja wala hakutuma salamu. Alikumbuka kiasi, siku, hata nguo aliyovaa. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia kijana huyo kwamba angependa aje. Hapana. Kama aliwahi kumwomba chochote katika miaka sita. Alifikiri sana, akasema aliwahi kumwomba amsogezee kiti.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema watu wa aina hii ni wema kupita kiasi. Wema upo, lakini anayetoa kwa moyo haweki hesabu. Dada alikuwa akikopesha kwenye daftari la siri, kama mwenye duka anayeandika deni ambalo mteja hakuambiwa ni deni. Mteja anaondoka akidhani amepewa. Siku ya kudai ikifika, mwenye duka ana hasira ya haki na mteja hana hata fununu. Kinyongo chake kilikuwa cha kweli na kazi aliyofanya ilikuwa ya kweli. Ila mapatano aliyodhani yamevunjwa hayajawahi kuwepo.

Na aliyeomba kweli huwa hajui. Mwaka 2008 Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha majaribio ambamo watu walitumwa kuwaomba wasiowajua wajaze fomu. Kabla ya kutoka, walikadiria ingebidi waombe watu kama 20 ili kupata watano. Walijikuta wameomba kama 10. Maelezo ya watafiti ni kwamba anayeomba hufikiria ukubwa wa ombi lake na husahau jinsi ilivyo vigumu kumtazama mtu usoni ukamwambia hapana. Kijana wa masoko, alipokuja kuambiwa baadaye, alishangaa kwa dhati: "Si angekataa tu? Mimi ningetafuta mwingine." Kwake kukataa kulikuwa jambo jepesi, maana hakuwa yeye wa kukataa.

Kinyongo kisicho na mlango wa mbele hutokea madirishani, na hizo ndizo dalili ninazomwambia mtu azitazame kabla ya uchovu wenyewe. Dada alikuwa ameanza kuchelewesha kotesheni za kijana yule makusudi, saa moja hivi, na kusema hakuiona barua pepe. Aliongea vibaya juu yake kwa mama wa chai. Alikuwa akishusha pumzi kwa sauti wakati anapokea faili, akitumaini mtu atauliza kuna nini. Hakuna aliyeuliza. Kisha akarudi nyumbani na kuhesabu kwamba hata hilo hawakuliona.

Nisiache kusema kwamba lawama haikuwa yake peke yake. Mwaka 2017 Linda Babcock na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jambo ambalo mwanamke yeyote wa ofisini Mombasa angewaambia bure. Waliweka watu katika vikundi vidogo, mmoja ajitolee kufanya jambo ambalo kila mtu anataka lifanywe lakini mfanyaji anapata kidogo kuliko wenzake. Katika vikundi mchanganyiko wanawake walijitolea kuliko wanaume kwa asilimia 48. Katika vikundi vya wanawake watupu au wanaume watupu, tofauti ikapotea. Kwa hiyo si kwamba wanawake wanapenda kukusanya michango. Wote waliomo chumbani, na wao wenyewe wakiwemo, wanatarajia kwamba wao ndio watakaosimama kwanza, na wengine wanangoja. Ile karatasi ya zamu ya Ramadhani ilikufa hivyo.

Kabla hatujaanza kubadilisha chochote nilimpeleka kupima damu. Hufanya hivyo kwa kila anayeniambia amechoka. Alikuwa na upungufu wa damu, si mkubwa, na sehemu ya kuhema kwake akipanda ngazi za ofisi ilikuwa hiyo. Alipewa vidonge vya madini ya chuma. Nilimuuliza pia kuhusu sikukuu ya Idi: alipokuwa nyumbani siku tatu, alifurahi? Alifurahi, alipika, alicheka na dada zake, alilala vizuri mpaka usiku wa kuamkia kazi. Jibu hilo lilinituliza. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linauweka uchovu wa kazi kama hali itokanayo na kazi na haliuiti ugonjwa: nguvu kwisha, moyo kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi la maana. Kama asingefurahia hata Idi, kama angekuwa hali chakula au anawaza kufa, ningemtuma kwa daktari wa akili siku hiyohiyo. Mtu aliye na sonona hatapona kwa kujifunza kukataa kotesheni.

Hatua ya kwanza tuliyokubaliana haikuwa kukataa. Ilikuwa kuweka nafasi kati ya ombi na jibu. Alichagua maneno yake mwenyewe: "Ngoja nitazame nilicho nacho, nitakuambia saa nne." Masharti yalikuwa mawili. Ampe mtu saa kamili, na saa hiyo ikifika yeye ndiye amfuate. Bila sharti la pili, "nitakuambia" inageuka "inshallah" ya kukwepa, mwombaji anaisikia kama ndiyo, na kesho kuna ugomvi. Pwani tunajua kukataa kwa upole, lakini upole wetu mara nyingi unaacha jambo likining'inia.

Wiki ya kwanza ya nafasi hiyo, maombi kadhaa yalijifia yenyewe. Saa nne alipokwenda, karani mdogo alikuwa ameshaifungua orodha ya misimbo na kuisoma mwenyewe. Dada aliniambia hili kwa sauti isiyo ya furaha. "Kumbe anaweza." Miaka miwili alikuwa amejiamini kwamba bila yeye kijana huyo ataharibu.

Kukataa kwa mara ya kwanza kulikwenda vibaya, na kulikwenda vibaya kwa namna inayofundisha. Tulikuwa tumemchagua karani mdogo, kwa sababu hakuwa na mamlaka juu yake. Aliponisimulia, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Dada, niangalizie hii kabla ya saa sita."

"Leo siwezi, mdogo wangu, nina faili la mitumba, halafu nataka kuwahi benki."

"Benki si mpaka saa tisa? Niangalizie kisha uende."

"Na pia kichwa kinaniuma."

"Nikuletee Panadol?"

Akaichukua. Kila sababu aliyoitoa, kijana aliitatua, na hakuwa na hila yoyote. Alidhani anasaidia. Ukitoa sababu, umemwalika mwenzako aijadili, na mwenye sababu tatu anaonekana kama anayetafuta ya nne. Mara ya pili alisema, "Niwie radhi, leo siwezi," akarudi kwenye skrini yake. Kijana akasimama kidogo, akasema haya, akaenda kwa mhasibu. Dada aliandika daftarini kwamba hatia ilikuwa nane kwa kumi palepale, na baada ya sala ya adhuhuri ilikuwa tatu.

Nilimwomba aendelee kuandika nambari hizo. Alikuwa amezoea kuichukulia hatia kama ushahidi: najisikia vibaya, basi nimefanya vibaya. Ukiikimbia kwa kusema ndiyo, inapoa mara moja, na mwili unajifunza kwamba dawa ni kukubali. Ukikaa nayo saa mbili inapoa yenyewe. Hakuna maelezo yangu yaliyomsadikisha hilo kama nambari zake mwenyewe zilivyomsadikisha.

Kwa bosi tulitumia njia nyingine kabisa. Mwajiri ana haki ya kukupa kazi, na kumwambia hapana kavu katika ofisi ya watu saba ni kujitafutia balaa. Anachoweza kuulizwa ni mpangilio. Alimwendea asubuhi na karatasi: "Mzee, leo nina hizi nne, na hii ya tano umenipa jana usiku. Zote haziishi kabla ya saa kumi na moja. Ipi ingoje kesho?" Bosi alizitazama, akauliza kwa nini kotesheni za masoko ziko kwake. Kwa miaka sita hakuwa anajua. Kazi iliyofanywa kimya haionekani kwa anayelipa, na hilo ni jeraha jingine ambalo mtu wa kuridhisha wote hujitia mwenyewe.

Kurudisha kotesheni ndiko kulikokuwa kugumu. Alimwambia kijana wa masoko kwamba atamwandikia mpaka mwisho wa mwezi, na atamwachia vielelezo vitatu vya kufuata, kisha ataziandika mwenyewe. Kijana akasema hakuna shida. Mwezi ulipogeuka akaleta moja, akacheka, "ya mwisho." Akakataliwa. Akaleta nyingine na soda. Kisha akaanza maneno: Dada umebadilika siku hizi. Dada sasa ni mkubwa. Siku moja alisema mbele ya mteja.

Nilikuwa nimemwonya juu ya wiki hizo. Tabia iliyozoea kulipwa, ukiacha kuilipa, mara nyingine haizimi polepole. Kwanza inaongezeka nguvu, na wanasaikolojia wanalijua hili tangu enzi za majaribio ya wanyama. Mtu akibofya swichi na taa isiwake, huibofya tena kwa nguvu zaidi kabla ya kuondoka. Hatari yote iko hapo. Ukikubali katika kilele cha manung'uniko, umemfundisha kwamba kiasi hicho cha kusukuma ndicho kinachofanya kazi, na safari ijayo ataanzia hapo. Dada aliteleza mara moja, siku ya soda, na wiki iliyofuata ilikuwa nzito kuliko zote. Baada ya hapo alishikilia. Manung'uniko yalidumu kama mwezi mzima, yakaisha, na uhusiano wao haujarudi kuwa na joto la zamani. Salamu zipo, utani haupo. Nadhani utani ule ulikuwa wa mtu anayehudumiwa.

Jambo jingine halikunishangaza, lakini lilimuuma. Mwanafunzi wa mafunzo aliletwa ofisini, na watu wakaanza kumwomba yeye. Dada alijikuta ana wivu. Alimsikia mtu akisema, "Muulize yule binti, anajua," na moyo ukashuka. Kumbe kulikuwa na malipo katika shughuli ile yote: alikuwa mtu wa lazima. Kupumzika kulimgharimu umuhimu huo, na kwa muda alifikiria kurudi. Alimchukua binti chemba na kumwambia kazi zipi ni zake kwa mujibu wa barua yake na zipi si zake. Sikumwambia afanye hivyo.

Yako mambo ambayo njia hii haikuyagusa na nisingetaka yaonekane yameguswa. Kibarua wa kutwa anayesubiri getini kuitwa hawezi kusema "nitakuambia saa nne." Na zipo ofisi ambako tatizo liko kwa mwajiri tu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili baada ya kila miezi 12. Ukinyimwa hizo, wa kumwendea ni afisa wa leba, na mazoezi yangu ya daftari hayatakusaidia. Dada mwenyewe alikuwa na miaka miwili bila likizo. Hakunyimwa. Kila alipotaka kuomba, mtu fulani alikuwa na harusi, naye akasogeza yake mbele ili mwenzake apate.

Uweka hazina ameuacha. Mhasibu ameuchukua, na sasa waliochelewa wanakatwa kwenye mshahara kwa makubaliano, hakuna anayejazia pengo. Ujumbe wa bosi wa usiku bado unaingia. Anaujibu asubuhi, isipokuwa unapohusu meli iliyofunga gati, na hapo anajibu kwa sababu anakubali kwamba hiyo ni kazi yake. Yule karani mdogo alikwenda mwenyewe kwa bosi, miezi kadhaa baadaye, kueleza faili la vigae lilikuwa la nani. Dada hakuwa amemwomba, wala hakujua kama afurahi au akasirike kwamba imechukua muda wote huo.

Mwezi wa nane aliandika barua ya likizo ya siku 21. Bosi alimwita, akamwambia mambo ni mengi, achukue 10 sasa. Alijibu kwamba atachukua hizo 10, na akaomba tarehe za zile 11 ziandikwe kwenye barua hiyohiyo kabla hajaitia sahihi. Bosi alichukua kalamu, akaandika Desemba.